Sura ya 7: Aliyenyamaza Hajakubali

Mtu anapojiandikisha kwa mkutano, mafunzo au mbio, anakubali mambo mawili kwa pamoja: kwamba jambo lenyewe linamfaa, na kwamba siku iliyotajwa anayo nafasi. Mwandaaji akibadilisha tarehe, kukubali kwa kwanza kunabaki na kwa pili kunakufa. Waandaaji wengi hawalioni hilo. Kwao tarehe mpya ni taarifa ya kupelekwa kwa watu, na ikishapelekwa wanahesabu kwamba orodha ya waliojiandikisha iko palepale. Sura hii inadai kinyume chake: siku tarehe inapobadilika, kila jina kwenye daftari linakuwa la mtu ambaye bado hajasema kama atakuja, na linabaki hivyo mpaka aseme mwenyewe. Kutoka katika dai hilo dogo ndipo zinapopatikana njia ya kuandika tangazo, ya kuwashughulikia wasioweza kuja, na ya kusahihisha kumbukumbu zote.

Ushahidi mkubwa kuliko wote tunaupata Tokyo. Tarehe 24 Machi 2020 ilitangazwa kwamba Michezo ya Olimpiki, iliyokuwa ifunguliwe tarehe 24 Julai mwaka huo, haitafanyika kwa wakati wake. Siku sita baadaye, tarehe 30 Machi, ikatajwa siku mpya: 23 Julai 2021. Waandaaji walifanya mambo kadhaa ambayo hata mwandaaji wa semina ndogo anaweza kuyaiga. Hawakungoja siku mpya ipatikane ndipo waseme kwamba ya zamani imekufa. Walichagua siku mpya iliyoangukia Ijumaa kama ile ya kwanza, hivyo ratiba ya wiki mbili na ushee ikahama karibu nzima bila kusukwa upya. Wanariadha waliokwisha kufuzu, waliokuwa wamejaza zaidi ya nusu ya nafasi zote, waliambiwa mapema kwamba nafasi zao ni zao. Na jina halikuguswa: michezo ikachezwa mwaka 2021 huku ikiitwa Tokyo 2020. Sisi tumeona hivyohivyo karibu na nyumbani. Mashindano ya CHAN yaliyokuwa yaanze Kenya, Tanzania na Uganda tarehe 1 Februari 2025 yalisogezwa mbele kwa tangazo la tarehe 14 Januari, yakachezwa Agosti, na bado yakaitwa CHAN 2024.

Lakini kinachotuhusu zaidi hapa ni watazamaji. Tiketi za Tokyo zilitangazwa kuwa halali kwa siku mpya, na asiyeweza kuja alipewa nafasi ya kuomba fedha yake. Wakazi wa Japani walipofunguliwa dirisha hilo Novemba 2020, kati ya tiketi zipatazo milioni 4.45 zilizouzwa nchini humo, maombi yalifika kwenye tiketi kama 810,000. Hiyo ni asilimia 18, karibu moja katika kila tano. Najua kwamba hofu ya ugonjwa ilichangia, na semina iliyosogezwa kwa majuma mawili haitapoteza watu kwa sababu hiyo. Hata hivyo, hesabu ile inavunja dhana ambayo waandaaji huishikilia bila kuipima, kwamba wasioweza kuja ni wachache wa kupuuzwa. Watu hawa walikuwa wameshalipa, wengi baada ya kushinda bahati nasibu ya tiketi, na bado karibu tiketi moja kati ya tano iliachiwa. Wangekuwa hawajaulizwa, viti vyao vingeendelea kuhesabiwa kuwa vina watu.

Tushuke sasa kwenye jambo la ukubwa wa kawaida na tulifuate hatua kwa hatua. Tuchukue mfano wa mafunzo ya siku tatu ya utunzaji wa hesabu kwa watendaji wa vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, yatakayofanyika katika ukumbi ulioko Chang'ombe, Dar es Salaam. Waliojiandikisha ni 120, ada ni shilingi 120,000 kwa mtu, na mafunzo yalipangwa kuanza Jumanne tarehe 6 Oktoba 2026. Jumatatu tarehe 21 Septemba mwenye ukumbi anasema tarehe hiyo haiwezekani tena. Wiki inayofuata inaonekana iko wazi, lakini Jumatano yake ni tarehe 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na ofisi zimefungwa. Kwa hiyo tarehe mpya inakuwa Jumanne tarehe 20 hadi Alhamisi tarehe 22 Oktoba. Kabla ya kumwambia mtu yeyote, mwandaaji anahakikisha vitu vitatu: ukumbi umethibitishwa kwa maandishi, wakufunzi wote wamekubali, na tarehe mpya haigongani na sikukuu wala na mikutano ya mwaka ya vyama vyenyewe. Mbio za Boston za mwaka 2020 zinatuonya hapa. Tarehe 13 Machi zilihamishwa kutoka Aprili hadi 14 Septemba, na tarehe 28 Mei zikafutwa kabisa na walioandikishwa wakaahidiwa fedha zao. Katika janga lile hakuna aliyeweza kuona mbele, hivyo haifai kuwalaumu. Kwa mwandaaji wa Chang'ombe, ambaye anaweza kuulizia ukumbi kwa simu moja, kubadilisha tarehe mara ya pili kunakula imani ambayo tangazo la tatu haliwezi kuirudisha.

Kazi ya kwanza haiko kwenye tangazo, iko kwenye daftari. Kabla ujumbe haujaondoka, orodha ya watu 120 inaongezewa safu moja ya hali ya jibu, na wote 120 wanaandikiwa neno moja: bado. Hata yule aliyekuwa amelipa ada yote na kuthibitisha mara mbili anaandikiwa bado, kwa sababu alithibitisha tarehe nyingine. Safu ya pili inaonyesha nani alilipa, yeye mwenyewe au chama chake, na namba ipi ya simu ilituma fedha. Safu ya tatu inaonyesha kama anahitaji barua. Safu hizi zikichelewa mpaka majibu yaanze kuingia, majibu hayatakuwa na pa kukaa. Moja litakuwa kwenye simu ya katibu, jingine kwenye barua pepe, la tatu litasemwa kwa mdomo kituo cha daladala, na baada ya wiki hakuna atakayejua idadi.

Sasa tangazo. Tunaandikia watu wenye simu za aina zote, wengine wakiwa vijijini ambako ujumbe mfupi wa kawaida ndio unaofika kwa hakika, kwa hiyo tunaanza na huo. Ujumbe wenyewe unaweza kusomeka hivi: «MAFUNZO YA SACCOS YAMEAHIRISHWA. Si tena Jumanne 6/10. Sasa ni Jumanne 20 hadi Alhamisi 22 Oktoba, ukumbi uleule Chang'ombe. Jibu NDIYO au HAPANA kabla ya 25/9.» Nafasi zikihesabiwa, ni herufi 160, kiwango cha mwisho cha ujumbe mmoja. Kila kilichomo kina sababu. Badiliko limetangulia, kwa kuwa wasomaji wengi huona mstari wa kwanza tu kwenye kioo. Tarehe ya zamani imetajwa na kukanushwa, kwa kuwa asiyeiona ikikanushwa anaweza kudhani kuna mafunzo mawili. Siku ya wiki imeandikwa pamoja na tarehe, ili mwandishi akikosea moja, nyingine imfichue: anayesoma Jumanne 21 atauliza. Ukumbi umetajwa ingawa haukubadilika, kwa sababu kilichonyamaziwa ndicho kinachozua simu za kuuliza. Sababu ya kuahirisha haimo, nami naona ni sawa. Itaelezwa kwenye barua, pamoja na maneno ya kuomba radhi, ambayo nayo hayana nafasi humu lakini hayapaswi kukosekana huko.

Kuna mtego mmoja katika ujumbe huu unaostahili kuangaliwa kwa makini. Herufi 160 zinapatikana tu ikiwa alama zote zilizotumika zimo katika orodha ya msingi ya mitandao ya simu. Herufi za Kiswahili zote zimo, na alama ya mkato ya juu iliyonyooka, ile ya Chang'ombe, imo pia. Lakini kompyuta na simu nyingi huigeuza alama hiyo kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo. Alama moja tu ya namna hiyo ikiingia, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo, na kiwango kinashuka kutoka herufi 160 hadi 70, au 67 kwa kila kipande ujumbe unapogawanywa. Ujumbe wetu unakuwa vipande vitatu. Mwandaaji anayetuma kwa watu 120 analipia jumbe 360 badala ya 120, na kwenye simu nyingine vipande vinaweza kuonekana vimetengana, kimoja kikiwa na tarehe ya zamani na kingine na mpya. Dalili ni rahisi kuiona: mfumo wa kutuma jumbe nyingi huonyesha idadi ya vipande kabla ya kutuma. Ikisomeka zaidi ya kimoja, tafuta alama iliyopinda au kikaragosi kilichojipenyeza.

Ujumbe mfupi, hata hivyo, haumtoi mtu ofisini. Meneja wa chama au ofisa ushirika wa wilaya aliombewa ruhusa na masurufu kwa barua ya mwaliko yenye tarehe 6 hadi 8. Kwa barua hiyo hawezi kusafiri tarehe 19. Mhasibu atamkatalia, na atakuwa na haki. Hapa wengi wanaotaka kuja hupotea bila mtu kujua. Wanajibu ndiyo kwa moyo mmoja, wanangoja barua, haiji, na siku ya mafunzo viti vyao viko wazi. Kwa hiyo barua mpya itoke siku ileile ya ujumbe. Iwe na kumbukumbu namba mpya, iitaje barua ya zamani kwa namba na tarehe yake, na iseme waziwazi kwamba inaifuta. Barua isiyosema inafuta nini huacha karatasi mbili halali kwenye faili moja.

Wanaotumia kalenda za kwenye simu wanahitaji jambo lao. Mwaliko wa kalenda una kitambulisho chake, na ni kitambulisho hicho, wala si kichwa cha habari, kinachoiambia simu kwamba huu ni mkutano uleule uliohama. Aliyeunda mwaliko mpya kabisa kwa tarehe 20 ameuacha ule wa tarehe 6 ukiwa hai katika simu za watu, na utawakumbusha asubuhi ya siku isiyo na mafunzo. Ufungue mwaliko wa zamani, ubadilishe tarehe ndani yake, kisha utume. Ndani ya faili mabadiliko yataonekana hivi:

```
UID:mafunzo-saccos-2026@mfano
SEQUENCE:1
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20261020T083000
```

Mstari wa kwanza haukubadilika tangu mwaliko wa mwanzo. Namba ya mstari wa pili imepanda kutoka 0, na ndiyo inayoijulisha simu kwamba hili ni toleo jipya la jambo lilelile. Ni kanuni ileile iliyoacha jina la Tokyo 2020 mahali pake: tarehe inahama, kitambulisho kinabaki.

Turudi kwenye majibu. Tuseme mpaka Ijumaa tarehe 25 Septemba watu 74 wamesema ndiyo, 9 wamesema hapana, na 37 wako kimya. Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapotolewa, na ni pingamizi la watu wenye uzoefu: waliokaa kimya wamekubali, kwa kuwa asiyeweza angelalamika. Naliheshimu, kwa sababu katika mambo mengi ya maisha yetu kimya huhesabiwa kuwa ridhaa. Lakini hapa kimya kina maana nyingi zinazofanana kwa nje. Kuna aliyeona ujumbe na hana tatizo, kuna aliyebadilisha namba, kuna anayengoja uamuzi wa bodi yake, na kuna asiyeweza kuja anayeona aibu kusema hapana. Huyo wa mwisho ni wa kawaida sana kwetu, ambako kumkatalia mtu mwaliko moja kwa moja huonekana ukali. Ndiyo sababu hata simu inayopigwa kwa wale 37 inahitaji swali lililofikiriwa. Ukimuuliza, «Shikamoo mzee, tarehe 20 utakuja?» utajibiwa, «Nitajitahidi,» au «Inshallah,» na hilo kwenye daftari ni bado. Muulize swali ambalo jibu lake ni tendo: barua mpya imefika kwa mwenyekiti? Atasafiri siku gani? Chumba kiwekwe kuanzia usiku wa tarehe 19? Anayekuja atakuwa na jibu, na asiyekuja atashukuru kupata njia ya heshima ya kusema hawezi.

Tuseme simu hizo zinaleta watu 19 wanaokuja, 11 wasioweza, na 7 wasiopatikana kabisa. Jumla ya wanaokuja ni 93. Mwandaaji aliyehesabu kimya kuwa ndiyo angeagiza chakula cha watu 111. Kwa shilingi 25,000 kwa mtu kwa siku, tofauti ya watu 18 kwa siku tatu ni shilingi 1,350,000, ambayo ni kubwa mara nyingi kuliko gharama ya simu 37. Wale 7 wasiopatikana hawafutwi. Viti vyao vinabaki mpaka siku yenyewe, ila vyumba na chakula haviagizwi kwa majina yao, na wanatafutwa kupitia namba ya chama iliyo kwenye fomu.

Wasioweza kuja sasa ni 20, na pingamizi la pili linawahusu wao: ukimrudishia kila anayeomba, bajeti itaanguka, maana tayari umelipa amana ya ukumbi na uchapishaji. Pingamizi hili lina uzito pale mshiriki anapojitoa mwenyewe. Pale mwandaaji anapobadilisha siku, mshiriki hajavunja ahadi yoyote, na kumkata ada ni kumtoza kwa uamuzi wa mtu mwingine. Aidha, wengi hawataomba fedha ikiwa wataonyeshwa njia tatu kwa usawa: kutuma mtu mwingine wa chama kilekile, kuhamishia ada kwenye mafunzo yajayo, au kurudishiwa. Tukiendelea na mfano wetu, 7 wanatuma wengine, 4 wanahamisha, 9 wanarudishiwa. Hizo ni shilingi 1,080,000, pungufu kuliko chakula kilichookolewa kwa kuuliza. Hesabu haitatoka hivyo kila mara, lakini anayeogopa kurudisha fedha huwa hajaiweka kando ya gharama ya kulisha viti vitupu.

Fedha irudi ilikotoka. Ada iliyolipwa na chama ni mali ya chama, na kuituma kwenye simu ya meneja aliyejaza fomu kunamweka meneja huyo katika shaka na wakaguzi. Iliyolipwa kwa M-Pesa irudi kwenye namba iliyolipa, na makato ya kutuma yabebwe na mwandaaji, ili mtu apokee 120,000 kamili. Tarehe ya kurudisha na namba ya muamala viandikwe kwenye mstari wa mtu huyo. Aliyetumwa badala ya mwingine apewe mstari wake mpya, uliounganishwa na ule wa kwanza. Ukifuta jina la zamani na kuandika jipya juu yake, namba ya simu, jinsia na risiti za mtu wa kwanza zitabaki zimemvaa wa pili, na kosa litajitokeza siku ya kugawa vyeti.

Kumbukumbu nyingine zote zinafuata daftari hili, na njia bora ya kuzisahihisha ni kuitafuta tarehe ya zamani popote inapoweza kuwa imejificha. Itafute kwa sura zake zote: 6 Oktoba, 6-8 Oktoba, 06/10/2026. Sura hii ya mwisho ni hatari katika majedwali ya kompyuta, kwa sababu iliyowekewa mpangilio wa Kimarekani huisoma kuwa tarehe 10 Juni. Ndani ya jedwali andika 2026-10-20, mwaka ukitangulia, na utata unaisha. Utaikuta tarehe ya zamani kwenye mikataba ya wakufunzi, oda ya chakula, bango, vitambulisho vya shingoni, na kiolezo cha cheti, ambacho karibu kila mara husahauliwa kwa kuwa hufunguliwa siku ya mwisho. Inayoleta madhara zaidi ni jumbe za kukumbusha zilizopangwa kujituma zenyewe. Mfumo uliowekwa wiki tatu nyuma haujui kilichotokea, na usiku wa tarehe 5 utawaambia watu 120 kwamba mafunzo ni kesho. Uzime kabla tangazo halijatoka. Usiifute, hata hivyo, tarehe ya zamani kwenye daftari lenyewe. Iache kwenye safu yake na siku ilipobadilishwa, kwa maana mkaguzi atakapoona risiti ya Agosti ikitaja tarehe 6, atahitaji kuona ilikohamia.

Wapo watakaosema kazi yote hii ingeokolewa kwa kuwaweka wote 120 kwenye kundi moja la WhatsApp na kutangaza humo. Kundi linafaa kwa kukumbusha, halifai kwa kuuliza. Jibu la mmoja huzama chini ya salamu za kumi, asiye na simu janja hayumo, na namba za watu ambao hawakuridhia zinaanikwa mbele ya wageni, jambo ambalo haliendani na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022.

Hata ukifanya yote haya, bado wapo wale 7. Kwa hiyo Jumanne tarehe 6 Oktoba, kuanzia saa 1:30 asubuhi, mweke mtu mlangoni Chang'ombe akiwa na orodha, barua mpya na fedha ya nauli. Atakayefika ameonyesha mahali daftari lako lilipokosea: mrudishie nauli yake, chukua namba anayoitumia sasa, na umuulize kama tarehe 20 ataweza.